Simamisha au laza? Angalia meza kwanza

Kila nikipandisha video na PS yangu inaonekana nyuma ikiwa imesimama, lazima mtu aandike, "Brathe, laza hiyo mashine, utaiua." Nikiilaza wiki inayofuata, anakuja mwingine: "Mbona umeibana chini hivyo, hewa inapita wapi?" Huyu wa pili mara nyingi anakubaliana na yule wa kwanza kwa kitu kimoja tu, kwamba mimi sijui ninachofanya.

Wasee, mimi maoni yangu ni kwamba hili swali linaulizwa nje ya chumba. Watu wanabishana kusimama na kulala kama vile mashine inaelea hewani. Haielei. Iko juu ya meza fulani, nyuma kuna ukuta fulani, na mbele kuna watu fulani wanaopita wakikanyaga waya. Ukinionyesha hizo tatu, nitakuambia kama ilale ama isimame. Bila hizo, ni kelele tu.

Nianze na kitu ambacho wengi hawaamini. Kwa upande wa joto peke yake, PS5 haijali sana imekaa vipi. Watu hudhani kwa vile joto hupanda juu, basi mashine iliyosimama inapoa vizuri kuliko iliyolala. Joto hupanda kweli, lakini kwa nguvu ndogo sana. Washa jiko, weka mkono juu mbali kidogo, utasikia ule upepo mwepesi. Sasa linganisha na feni. Ndani ya PS5 ya kwanza, ile iliyotoka Novemba 2020, kuna feni moja kubwa yenye upana wa milimita 120 na unene wa milimita 45. Inavuta hewa kupitia zile nafasi za mbele, kati ya mwili mweusi na yale mabawa meupe, pande zote mbili, kisha inaisukuma yote nje kupitia nyuma. Feni kama hiyo haingojei joto lipande. Inalifukuza. Ukiilaza au ukiisimamisha, njia ni ile ile: inaingia mbele, inatoka nyuma.

Kwa hivyo kitu cha kulinda ni hiyo njia. Na hapo ndipo watu wengi wanapoharibu, hasa sisi wa jointi na wa bedsita.

Nina binamu yangu ambaye ana jointi ya PS kule Embu, upande wa Dallas. Mimi naishi Meru, Kooje, na tangu nitoke chuo mwaka wa pili kazi yangu imekuwa hii ya video na maandishi, pamoja na kufungua mashine za watu nikizisafisha vumbi. Kwa hivyo alinipigia simu akisema PS5 yake inazima, nipande gari nikaione. Nikapitia Nkubu, Chuka, Runyenjes, nikafika saa sita mchana na jointi ilikuwa imejaa vijana. Ile PS5 ameinunua ya mtumba kwa 55,000, na kwake hiyo ndiyo kodi ya nyumba. PS4 wanalipa kidogo, PS5 ndiyo inaleta watu wazima wenye pesa. Ikizima katikati ya mechi, mteja anataka pesa yake na pia anataka kubishana nani alikuwa anashinda.

Nikakuta mashine zake ziko ndani ya kijumba cha chuma. Kama unajua jointi za huku unakijua hicho kijumba: karatasi za bati zimechomelewa, mbele kuna waya wa nyavu na kufuli, ili mtu asiondoke na mashine wala asichomoe diski. Wazo ni zuri. Upana ulikuwa sentimita 60, urefu wa kwenda juu 45, kina 35. Fundi alikuwa amekigawa vyumba vitatu vya sentimita 20 kila kimoja, PS5 chumba cha kati, PS4 mbili za zamani pembeni, zote zimesimama kwa sababu hakuna namna ya kulala ndani ya sentimita 20. Na nyuma kulikuwa kumefungwa kabisa kwa bati, isipokuwa tundu moja la kupitisha nyaya. Halafu kijumba chote kimeegemea ukuta.

Nikamuuliza, "Kwa nini zimesimama?"

"Si ndio zinaenea. Na si hata kwenye boksi wameichora imesimama?"

Ukweli. Boksi la PS5 linaionyesha imesimama. Lakini boksi halionyeshi bati nyuma yake.

Fikiria hewa inafanya nini humo. PS5 inavuta mbele na kutoa nyuma, lakini nyuma ni ukuta wa bati ulio sentimita chache tu kutoka kwenye matundu. Hewa moto inagonga bati, inageuka, na njia pekee iliyo wazi ni kurudi mbele kupitia juu na pembeni. Ikifika mbele, feni inaivuta tena. Mashine inapumua pumzi yake mwenyewe. Kitabu kinachokuja na PS5 kinasema uache angalau sentimita 10 kati ya mashine na ukuta, na hapa hata hizo hazikuwepo. Ukigeuza mashine ndani ya kijumba kama hicho, ikalala ama ikasimama, bado itapika.

Kuna njia rahisi ya kujua kama hii ndiyo shida yako, na haihitaji kipima joto. Chukua kipande chembamba cha tishu, kama upana wa kidole, ukishike mbele ya mashine ikiwa imecheza nusu saa. Kinapaswa kuvutwa kuelekea kwenye mashine. Kisha uweke mkono hapo hapo mbele, mahali hewa inapoingia. Hewa ya hapo inapaswa kuwa kama hewa ya chumba. Kwa binamu yangu ilikuwa ya moto. Tishu ilikuwa inavutwa vizuri, yaani feni ilikuwa nzima na inafanya kazi yake, lakini ilichokuwa inavuta ni joto lililotoka nyuma. Kama tishu haivutwi, hiyo ni stori nyingine, hapo unafikiria vumbi au feni yenyewe.

Kidogo tu kuhusu kwetu. Meru na Embu ziko juu, Meru mjini ni karibu mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa kama asilimia 14, na hewa nyepesi hubeba joto kidogo. Lakini pia kwetu kuna baridi, kwa hivyo mlima unakunyang'anya na kukurudishia. Kinachouma zaidi ni udongo mwekundu. Wakati wa kiangazi ule unga unaingia kila mahali, na mashine iliyo karibu na sakafu inakula zaidi kuliko iliyo juu ya meza. Hilo nalo halina uhusiano na kusimama.

Sasa tuje kwa kuanguka, kwa sababu hapa ndipo kusimama kunaanza kuwa na gharama.

Chukua PS4 ile ya kwanza, ya 2013. Ina unene wa sentimita 5.3, upana 27.5, na uzito wa kilo 2.8 hivi. Ukiisimamisha bila stendi, imekaa juu ya ukingo wa sentimita 5.3 huku ikiwa na urefu wa 27.5. Uzito wake uko katikati, kwa hivyo ukiinamisha digrii 11 hivi, uzito unavuka ukingo na inaenda yenyewe. Digrii 11 si kitu. Ni mwinamo wa simu ukiiweka juu ya kalamu nene. Ukiisukuma juu kabisa, nguvu inayotosha kuianza kuanguka ni kama uzito wa gramu 270, yaani pakiti ya nusu lita ya maziwa ambayo umeshakunywa nusu. Waya wa HDMI ukikanyagwa unavuta zaidi ya hapo.

PS5 ya kwanza ina uzito wa kilo 4.5, urefu wa 39 na unene wa 10.4. Inaonekana nene lakini mabawa yake yamejikunja, kwa hivyo bila stendi haina mahali pazuri pa kukaa. Ndiyo maana inakuja na ile stendi nyeusi ya mviringo, na ndiyo maana stendi hiyo inafungwa kwa skrubu ikiwa imesimama. Hapa watu hawajui. Skrubu iko ndani ya stendi yenyewe, kwenye kinafasi upande wa chini. Unazungusha stendi, unaitoa, unachomoa kile kifuniko kidogo cha plastiki kinachoziba tundu chini ya mashine, unakiweka kwenye nafasi yake ndani ya stendi ili kisipotee, halafu unafunga. Ukilaza, hauhitaji skrubu. Stendi inashika tu kwa kubana sehemu ya nyuma.

Ya binamu yangu ilikuwa imesimama juu ya stendi bila skrubu. Yeye hata hakujua iko na skrubu. Aliyemuuzia alimpa stendi tupu. Kwa hivyo mashine ilikuwa imekaa juu ya stendi kama sufuria juu ya mafiga, na kwa macho inaonekana sawa kabisa. Ukinunua ya mtumba, geuza stendi uangalie chini kabla hujatoa pesa. Na kama ni ile ndogo iliyotoka mwishoni mwa 2023, hiyo haiji na stendi ya kusimama hata ikiwa mpya. Inakuja na vijiguu viwili vidogo vya kuilaza, ile ya kusimama inauzwa kando, kwa dola 29.99 ilipotoka. Kwa hivyo mtu akikuuzia hiyo ikiwa imesimama wima juu ya meza bila chochote chini, ujue imekuwa ikiishi maisha ya hatari.

Siku hiyo hiyo nikiwa hapo, kijana mmoja akafunga bao dakika ya mwisho, akaruka, goti likagonga meza. PS5 ikainama, ikaegemea ukuta wa kijumba. Haikuanguka kwa sababu kijumba kiliishika. Lakini diski ilikuwa inazunguka ndani, na ikatoa sauti, ile kwaruza fupi inayofanya kila mtu chumbani anyamaze. Binamu akanitazama. Nami nikatoa diski kuiangalia.

Na hii ndiyo sehemu ninayotaka uisome polepole, kwa sababu watu huchanganya vitu viwili: diski kusimama, na diski kuhamishwa ikiwa inazunguka. Kusimama hakuna shida. Diski imebanwa katikati, inazunguka wima au bapa vile vile. Shida ni kubadilisha mwelekeo ghafla. Kitu kinachozunguka kwa kasi hakipendi kugeuzwa. Umewahi kushika gurudumu la baiskeli kwa ekseli huku linazunguka, kisha ukajaribu kuliinamisha? Linakupinga mikononi. Diski ni hivyo hivyo, ila ni nyembamba, kwa hivyo mashine ikiinama ghafla, diski inabaki nyuma kidogo, inapinda, na ukingo wake unaweza kugusa kitu kilicho karibu.

Mfano mkubwa zaidi wa hii uko kwenye rekodi za mahakama. Xbox 360, iliyotoka 2005, ilikuwa inaweza kusimama au kulala, na watu walianza kulalamika kwamba diski zinatoka na mkwaruzo wa duara. Microsoft walishtakiwa, na kesi ya Microsoft na Baker ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 2017. Uamuzi wenyewe ulihusu utaratibu wa kukata rufaa, haukusema nani ana makosa kuhusu diski. Lakini onyo la kutosogeza mashine ikiwa na diski ndani lilikuwepo kwenye kitabu chake, na sisi hapa ni nani husoma kitabu?

Binamu yangu pia yuko na 360 moja ya zamani kwa watoto wa shule, iko dirishani, na wao hupenda kuisogeza ili jua lisigonge skrini. Nikaomba aniletee diski zake zote. Hii ni kazi ya dakika mbili na inakuambia historia nzima ya jointi. Inamisha diski chini ya taa uangalie mikwaruzo. Ile iliyonyooka, au inayokatakata ovyo kila upande, hiyo ni mikono, ni diski kuwekwa mezani bila kava. Ile iliyo duara kamili, imefuata mzunguko kama mtu alitumia bikari, hiyo haikufanywa na mkono. Hiyo ilifanyika ndani, diski ikizunguka. Kati ya diski kumi na moja za 360, nne zilikuwa na duara. Diski ya PS5 iliyotoa ile sauti haikuwa na chochote. Tulikuwa na bahati, na pia kuna sababu.

Sababu ni kwamba PS4 na PS5 huhamisha gemu kwenye hifadhi ya ndani. Diski inasomwa sana wakati wa kuingiza gemu, na baadaye inahitajika zaidi kuthibitisha kwamba unayo. Mara nyingi ukiwa katikati ya mechi, haizunguki. 360 husoma diski muda wote usipoingiza gemu kwenye hifadhi yake. Kwa hivyo hatari ya PS5 iko mwanzoni, ile dakika unaweka diski na kusikia inavuma. Bao la dakika ya mwisho liligongana na mteja wa pembeni aliyekuwa ndio ametoka kubadilisha gemu na kuirudisha. Ingekuwa 360, hiyo diski ingekuwa ya tano.

Na tafadhali, usipake dawa ya meno diski ya PS4 au PS5. Najua kwa DVD ilikuwa inasaidia mikwaruzo ya juu juu. DVD ina plastiki ya milimita 0.6 kabla ya kufika kwenye data, kwa hivyo kuna kitu cha kusugua. Blurei, ambayo ndiyo PS4 na PS5 hutumia, data iko milimita 0.1 tu chini ya uso, na imefunikwa na ngozi ngumu ya kuzuia mikwaruzo. Ukisugua unaondoa ile ngozi. Unageuza mkwaruzo mmoja kuwa mia.

Kuna kitu kingine cha diski ambacho ni cha kuchekesha kidogo. Watu wengi hulaza PS5 kichwa chini. Nimeona hata kwa video za wasee wenye wafuasi wengi. Ikilala, ule upande ulionenepa, ambao una mlango wa diski, unapaswa kuwa chini. Ukiuweka juu, diski yenye picha ikitazama juu haitasomeka, na mtu huanza kusema mashine imekufa. Stendi pia haitakaa vizuri. Ikiwa imesimama, picha ya diski inaangalia kushoto ukiwa mbele yake. Kabla ya kumpigia fundi, geuza diski kwanza.

Upande mwingine, kuna mashine ambayo kulala ndiko kulileta balaa. PS4 za mwanzo kabisa, zile zenye nambari zinazoanza na CUH-10 na CUH-11, hazina kitufe cha kubonyeza cha kutoa diski. Ni sehemu ya kugusa tu, kama skrini ya simu. Chini yake kuna mguu wa raba. Zilijulikana kwa kutema diski zenyewe na kulia pip pip bila mtu kuzigusa, na mafundi waligundua ule mguu ukisukuma kuelekea juu, sensa inadhani kidole kimegusa. Wengine walibandua raba, wengine waliisimamisha mashine ili uzito usikae hapo, na kuna pia skrubu ya kutoa diski kwa mkono, upande wa chini karibu na mbele, ambayo ukiikaza kwa kuelekea mkono wa saa inasaidia. Toleo la baadaye, CUH-12, lilirudi kwenye vitufe vya kawaida. Kwa hivyo ukiwa na PS4 ya zamani inayotema diski ikilala, hapo jibu langu linageuka: isimamishe, kwa stendi. Na stendi si ya kuzuia kuanguka tu. PS4 huvuta hewa kupitia ule mfereji unaozunguka ubavuni. Ukiisimamisha moja kwa moja juu ya mbao, ubavu mmoja unatazama meza, umebana nusu ya mdomo wake.

Najua kuna mtu ananingoja na ile stori ya chuma majimaji. Ndio. PS5 inatumia metali ya majimaji kati ya chipu na kipoza joto, na mwanzoni mwa 2023 fundi mmoja wa Ufaransa alisema ukiisimamisha inatiririka na kuua mashine. Stori ikazunguka dunia. Mafundi wengine wakapinga, wakisema kumwagika walikoona ni kwa mashine zilizoanguka au zilizofunguliwa hapo awali. Kuna kizuizi kinachozunguka chipu kuishika isitoke, na kampuni inauza stendi ya kusimamisha. Mimi nawaamini hawa wa kuanguka. Kwa hivyo ukiniambia unailaza kwa kuogopa metali, nitasema sawa, lakini unaogopa kitu kisicho chenyewe. Ogopa goti la mteja.

Turudi Embu kwenye kijumba. Tulimwita fundi wa kuchomelea wa hapo mtaani, mzee mmoja mpole anayeuliza maswali kuliko sisi. Tukamwambia akate bati lote la nyuma abakishe fremu na nondo mbili za kuzuia mkono, na atoe zile kuta mbili za kugawa. Halafu aweke rafu moja ya bapa, sentimita 31 kutoka chini.

Hesabu ilikuwa hivi. PS5 ikilala inachukua upana wa 39, kwa hivyo chini inabaki 21. PS4 ikilala inataka 27.5, haienei. Lakini ikisimama inataka 5.3 tu. Kwa hivyo PS4 moja ikabaki imesimama kwenye kona ya chini, juu ya stendi ya shilingi 700, mahali ambapo hakuna goti linafika na pande zote mbili zina nafasi ya kupumua. Ile nyingine ikalala juu ya rafu, peke yake. Kijumba kikasogezwa sentimita 12 kutoka ukutani na kuwekwa juu ya meza imara badala ya stuli. Mzee akachukua 1,800, binamu akamuongezea chai.

"Kwa hivyo umeniambia nilaze halafu umesimamisha moja?" binamu akauliza.

Nikamwambia aangalie kona.

Jioni hiyo PS5 ilicheza kutoka saa kumi hadi saa tatu usiku. Nikarudia mkono mbele ya nyavu, hewa ikawa ya chumba. Nyuma ilikuwa ya moto sana, na hivyo ndivyo inavyotakiwa, moto ukiwa nyuma maana yake umetoka ndani. Wiki tatu baadaye bado haikuwa imezima. Feni ya ile PS4 ya rafuni bado inapiga kelele kama posho mili. Hewa yake iko sawa, kwa hivyo hapo nashuku pasta ya joto imekauka, na hiyo ni safari nyingine ya Runyenjes.

Kwangu Kooje PS4 yangu imesimama. Chumba ni kidogo, meza ina kamera na sufuria ya chai, hakuna mtu anayepita nyuma yangu, na nimefunga nyaya kwa mguu wa meza ili zikivutwa zivute meza kwanza. Nikipata mgeni mwenye mtoto mdogo, nailaza kabla hawajaingia, na kabla ya kuilaza natoa diski.

Ile 360 ya dirishani tulilaza na kuibandika kwa tepu ya pande mbili. Watoto walilalamika kuhusu jua. Binamu akawanunulia pazia.